Hole Wizard au kuchora nyuzi mwenyewe? Ulinganisho kwa matundu nane ya M8

Anayejifunza kuchora vipuri vya mashine kwenye SolidWorks hufika mahali anapotaka tundu la bolti lionekane kama tundu la bolti kweli: nyuzi zikizunguka ndani, jino baada ya jino. Njia mbili ziko mbele yake. Ya kwanza ni kuzichora mwenyewe kwa kukata umbo la jino kufuata mstari unaopanda kwa kuzunguka. Ya pili ni kufungua Hole Wizard, amri ya SolidWorks ya kutengeneza matundu, kuchagua M8, yaani saizi ya bolti yenye kipenyo cha milimita 8, na kupata tundu laini lenye alama ya nyuzi isiyo na meno yoyote. Ya kwanza hupendeza macho, na ya pili huonekana kama mkato wa wavivu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama tundu litatobolewa kwa keekee na kukatwa nyuzi kwa tapu, tumia Hole Wizard, wala usichore hata jino moja. Kama umbo la nyuzi litatengenezwa moja kwa moja kutokana na modeli yako, mathalani kwa printa ya 3D, hapo kuchora kuna maana. Sababu za msimamo huu zinaonekana vizuri zaidi kwenye kazi halisi, kwa hiyo nitachukua moja na kuipitisha njia zote mbili.

## Kazi yenyewe

Tuna nyumba ya giaboksi ya alumini yenye flenji ya unene wa milimita 30. Juu yake unakaa mfuniko wa milimita 12, na upande wa pili wa flenji kuna mafuta. Mfuniko unafungwa kwa bolti nane za M8 zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 160. Nyuzi zinakatwa ndani ya flenji, na mfuniko una matundu ya kupitisha bolti tu.

M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, yaani huo ndio umbali kutoka jino moja hadi jingine. Keekee yake ni ya milimita 6.8. Vipimo hivi viwili fundi yeyote wa karakana anavijua kwa moyo, na ndivyo vitakavyotuongoza.

## Ukiamua kuchora mwenyewe

Unaanza kwa kukata tundu la duara. Kisha unachora duara jingine juu ya uso wa flenji, unaliwekea amri ya Helix/Spiral, unaandika hatua 1.25 na idadi ya mizunguko. Kwa kina cha milimita 20 unahitaji mizunguko 16, na ni busara kuongeza mmoja unaoanzia nje ya uso ili nyuzi zitoke vizuri mdomoni badala ya kukatika ghafla. Halafu unatengeneza umbo la jino kwenye bapa linalopita katikati ya tundu, na kulikata kwa Swept Cut.

Kikwazo cha kwanza hukutana nawe kwenye umbo la jino. Wengi wamesikia kwamba nyuzi za milimita zina pembe ya digrii 60, basi wanachora pembetatu kali yenye kitako cha milimita 1.25, sawasawa na hatua. SolidWorks hukataa, kwa sababu kila mzunguko unagusana na mwenzake kwenye ncha tupu isiyo na unene, na programu haiwezi kujenga gimba la namna hiyo. Mchoraji anapunguza kitako hadi 1.24, amri inakubali, na anaridhika.

Lakini hizo si nyuzi za M8. Pembetatu kali yenye kitako cha 1.25 ina kina cha milimita 1.08. Ukiikata kuanzia tundu la 6.65, ambacho ndicho kipenyo kidogo cha msingi cha M8, ncha zake zinafika kipenyo cha 8.8. Umbo la kiwango halina ncha kali: limekatwa bapa juu na chini. Mfereji wa nyuzi za ndani za M8 una kina cha milimita 0.68 tu, upana wa takribani 0.94 mdomoni na 0.16 chini kabisa. Ni umbo lenye pande nne, si pembetatu, na vipimo vyake vyote vinatokana na ile hatua ya 1.25. Anayechora kwa mkono hana budi kuvijua, na hakuna chochote kwenye skrini kitakachomwambia amekosea. Picha ya nyuzi mbaya inafanana kabisa na picha ya nyuzi nzuri.

Kikwazo cha pili ni mwelekeo. Kwenye Helix/Spiral kuna kuchagua Clockwise au Counterclockwise, na jibu sahihi linategemea mstari unapanda kuelekea upande gani wa uso uliochorea. Ukigeuza mwelekeo wa kupanda bila kugeuza huu, umepata nyuzi za kushoto, ambazo bolti ya kawaida haiingii hata uisukume vipi. Namna ya kuangalia ni hii: kata modeli katikati kwa Section View na utazame ukuta wa tundu uliokuelekea. Kwenye nyuzi za kulia za ndani, meno ya ukuta huo yanapanda kuelekea kushoto, kwa sababu unayaona kutoka ndani. Kwenye bolti unayoitazama kwa nje yanapanda kuelekea kulia. Weka bolti ya kweli mezani uilinganishe kabla ya kuamini macho.

Cha tatu ni uzito wa faili. Tundu moja lina mizunguko 16 ya nyuso zilizopinda, na matundu nane yana mizunguko 128. Kila unapobadili kitu kilicho juu ya amri hizo kwenye mti wa modeli, kompyuta inazihesabu zote upya. Fungua Performance Evaluation na utaona ni amri ipi inakula muda. Kwa modeli iliyochorwa nyuzi, mara nyingi Swept Cut na mpangilio wake wa duara ndio unaoongoza orodha. Kwenye mkusanyo wenye vipuri mia moja na bolti zilizochorwa nyuzi vilevile, laptopu ya kawaida huanza kukwama hata kwenye kuzungusha tu.

Hata hivyo, kwangu mimi uzito si hoja kubwa. Kompyuta nzuri hununuliwa. Hoja kubwa ni kwamba baada ya kazi yote hiyo, modeli bado haijui kwamba tundu hili ni M8. Inajua nyuso tu. Neno "M8" halimo popote ndani yake.

## Ukitumia Hole Wizard

Hole Wizard ina kurasa mbili, Type na Positions. Kwenye Type unachagua Straight Tap, kiwango cha ISO, aina ya Tapped hole, na saizi M8x1.25. Kipenyo cha 6.8 kinajaa chenyewe. Kisha kuna vina viwili tofauti: kina cha tundu la keekee, na kina cha nyuzi. Ukienda Positions unagusa uso wa flenji na kuweka nukta ya tundu la kwanza kwa vipimo. Mengine saba hupatikana kwa Circular Pattern.

Vina hivi viwili ndivyo kiini cha ulinganisho huu, kwa hiyo tuvikokotoe.

Tuanze na bolti. Kwenye alumini, kanuni inayotumika sana ni bolti iingie kwenye nyuzi kwa urefu wa mara mbili ya kipenyo chake. Kwa M8 hiyo ni milimita 16. Tukichukua bolti ya M8x30, mfuniko unakula 12 na washa ya milimita 1.6 inakula sehemu yake, zinabaki 16.4 ndani ya flenji. Inatosha. Lakini bolti haitakiwi kufika mwisho wa nyuzi kabla ya kukaza, la sivyo fundi atasikia imekaza kumbe mfuniko haujabanwa. Kwa hiyo tunaipa nyuzi kina cha milimita 20, na tunabaki na mizunguko karibu mitatu ya akiba.

Sasa keekee. Tapu haikati nyuzi kamili hadi ncha yake, kwa sababu meno ya mwanzo yamenyolewa ili iweze kuingia. Mafundi wengi wa kwetu hutumia seti ya tapu tatu za mkono, na hata ile ya mwisho ina jino moja au mawili yaliyonyolewa. Tapu ya mashine ina zaidi. Pia vumbi la alumini linahitaji mahali pa kwenda. Tukiacha hatua nne, yaani milimita 5, keekee iende milimita 25.

Hapo hatujamaliza. Ncha ya keekee ina pembe ya digrii 118, na kwa kipenyo cha 6.8 ncha hiyo inashuka milimita 2 zaidi chini ya bega la tundu, pale ukuta ulionyooka unapoishia. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya tundu iko milimita 27 kutoka juu. Flenji ni 30. Zimebaki 3 kabla ya mafuta.

Hole Wizard inachora hayo yote kama yatakavyokuwa: ukuta wa 6.8 hadi kina cha 25, koni ya ncha chini yake, na alama ya nyuzi inayoishia kwenye 20. Ukikata kwa Section View unaziona hizo milimita 3 na unaweza kuzipima. Hakikisha tu kwamba kina cha tundu kimewekwa kupimwa hadi kwenye bega, maana matoleo ya karibuni yanakuruhusu kuchagua hadi begani au hadi nchani.

Sasa ulize: aliyechora kwa mkono amechora nini? Karibu kila modeli ya namna hiyo niliyowahi kuiona ina tundu lenye kitako bapa, na nyuzi zinazoshuka hadi kitakoni. Tundu kama hilo halitengenezeki kwa keekee na tapu. Kwenye skrini linaonekana la milimita 20, na ukuta wa milimita 10 umebaki chini yake, kumbe karakana italazimika kushuka hadi 27. Mchoro unaonekana wa kweli zaidi, huku ukificha kipimo pekee kinachoweza kutoboa flenji na kumwaga mafuta.

## Kinachomfikia fundi

Fundi hakati nyuzi kwa kufuata modeli yako. Anachukua keekee ya 6.8, kisha tapu iliyoandikwa M8x1.25, na umbo la jino limo tayari kwenye chuma cha tapu. Anachohitaji kutoka kwako ni maneno: saizi gani, keekee ishuke kiasi gani, nyuzi zishuke kiasi gani, matundu mangapi.

Kwa tundu la Hole Wizard, unapotengeneza mchoro wa karakana unagusa ukingo wa tundu kwa Hole Callout na maelezo yanajiandika, takribani hivi:

```
8 x ⌀6.8 ↧ 25
M8x1.25 - 6H ↧ 20
```

Mpangilio wa maneno hayo hutoka kwenye faili ya calloutformat.txt, na kama karakana yenu ina namna yake ya kuandika unaweza kuirekebisha mara moja, ikatumika kwenye michoro yote. Alama ya nyuzi nayo inatoka kama inavyotakiwa na kiwango: ukitazama tundu kwa juu unaona duara nzito la keekee na nje yake robo tatu ya duara jembamba. Fundi akiona ile robo tatu anajua papo hapo kwamba hapo kuna tapu.

Ukigusa tundu lililochorwa kwa mkono, Hole Callout haina cha kusoma isipokuwa kipenyo cha ukingo uliougusa. Maelezo ya M8 utayaandika mwenyewe kwa Note. Kwenye mwonekano wa pembeni, mistari ya meno inarundikana hadi karatasi inakuwa nyeusi ikishachapwa. Maelezo yaliyoandikwa kwa mkono pia hayafuati modeli. Ukibadili tundu, maandishi yanabaki yalivyokuwa, na mchoro unakwenda karakana ukisema jambo ambalo modeli imeshaliacha.

Upande wa mfuniko mambo ni mafupi. Hapo unachagua Hole badala ya Straight Tap, saizi M8, na namna ya kukaa: Close inatoa 8.4, Normal inatoa 9, Loose inatoa 10. Kwa bolti nane kwenye duara moja mimi huchukua Normal, kwa sababu nafasi ya nusu milimita kila upande inasamehe makosa madogo ya kupima kwenye keekee ya mezani. Anayechora kwa kubahatisha mara nyingi huweka 8 kamili, na bolti nane zikikutana na matundu nane ya 8 kamili, ya nne au ya tano huanza kugoma.

Bolti zenyewe zinatoka Toolbox kama una SolidWorks Professional au Premium. Acha Thread display kwenye Simplified au Cosmetic. Bolti moja ukiiweka kwenye tundu la kwanza, Pattern Driven Component Pattern inazisambaza saba zilizobaki kwa kufuata mpangilio wa matundu, na ukiongeza matundu kuwa kumi, bolti zinaongezeka nazo.

## Mteja akisema "weka M10"

Hapa ndipo tofauti ya njia mbili inapouma. Mteja anaona bolti za M8 ni ndogo, anataka M10.

Kwenye Hole Wizard unafungua amri ile ile na kuchagua M10x1.5. Keekee inakuwa 8.5. Kisha unarudia hesabu: mara mbili ya kipenyo ni 20, bolti ya M10x35 ikitoa mfuniko wa 12 na washa ya milimita 2 inabaki 21, sawa, nyuzi tuzipe 25, hatua nne za 1.5 ni 6, keekee inafika 31. Unaandika 31, na modeli inakuonyesha mara moja tundu limetokea upande wa pili wa flenji ya 30. Hata kabla ya kuhesabu ncha, ambayo ingeongeza milimita mbili na nusu, umeshajua kwamba M10 haiingii hapa bila kunenepesha flenji. Mazungumzo na mteja yanafanyika siku hiyo hiyo, wakati alumini bado haijaguswa.

Kwa nyuzi za mkono, kubadili M8 kuwa M10 ni kubadili kipenyo cha tundu, hatua ya mstari, idadi ya mizunguko na vipimo vyote vya umbo la jino, kisha kuomba Swept Cut isivunjike. Baada ya hapo unapata tundu bapa la milimita 25 ndani ya flenji ya 30, na kila kitu kinaonekana shwari.

## Mitego ya Hole Wizard

Chombo hiki nakipendekeza kwa moyo wote, lakini kina mitego, na miwili imekwisha kuharibu vipuri vya watu.

Mtego wa kwanza upo chini kwenye Options, kwenye vitufe vitatu: Tap drill diameter, Cosmetic thread na Remove thread. Viwili vya kwanza vinachora tundu la 6.8, tofauti yao ni alama ya nyuzi tu. Cha tatu, Remove thread, kinachora tundu kwa kipenyo kikubwa cha nyuzi, yaani 8. Wapo wanaokichagua kwa sababu bolti inaingia bila kugongana na ukuta kwenye mkusanyo. Lakini faili hiyo ikienda kwenye mashine inayosoma modeli, mashine itatoboa 8, na hapo hakuna cha kukata tapu tena. Chagua Cosmetic thread, na baada ya kukubali pima ukingo wa tundu kwa Measure. Ukisoma 6.8 uko salama.

Kuhusu kule kugongana: ni kweli kwamba bolti ya 8 ndani ya tundu la 6.8 itaonekana kama kosa kwenye Interference Detection. Dawa yake si kupanua tundu. Kwenye Options za amri hiyo kuna Create fasteners folder, na kwenye matoleo ya karibuni Create matching cosmetic threads folder. Ukiviwasha, migongano ya bolti na tundu lake inatengwa pembeni na unabaki na migongano ya kweli ya kushughulikia. Hiki cha pili ni kizuri zaidi, maana kinatenga zile tu ambazo nyuzi za pande mbili zinalingana. Bolti ya M8x1.25 kwenye tundu la M8x1.0 itabaki kwenye orodha ya makosa, na hiyo ni hitilafu ambayo nyuzi za kuchora zisingekuonyesha kirahisi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Alama ya Cosmetic thread ni maelezo yaliyobandikwa, si gimba. Ukituma modeli kwa STEP, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingine, yule anayeipokea mara nyingi anaona tundu laini la 6.8 na basi. Karakana isiyopewa mchoro itatoboa 6.8, itapaka rangi, itafunga kwenye boksi, na bolti itakuja kugoma kwenye mlango wa mteja. Kwa hiyo STEP isiende peke yake. Iende na mchoro wa PDF wenye Hole Callout, na kwenye ujumbe uandike idadi ya matundu ya tapu kwa maneno. Fundi makini atakupigia kuuliza, "Hili la sita nukta nane nikate nyuzi au niliache?" Usitegemee kwamba kila fundi atapiga.

Kuna na dogo la kuonekana. Wengine huona tundu laini kwenye skrini, wanadhani Hole Wizard haikufanya kazi, wanarudi kuchora. Fungua Options, Document Properties, Detailing, na uwashe Shaded cosmetic threads. Picha ya nyuzi itabandikwa ukutani bila kuongeza uso hata mmoja kwenye modeli.

## Pale kuchora kunaposhinda

Printa ya 3D haina tapu. Inaweka tabaka juu ya tabaka kufuata faili ya STL, na STL ya tundu la Hole Wizard itatoa tundu laini la 6.8. Ukitaka nyuzi zitoke zimechapwa, lazima meno yawe gimba.

Hata hapo saizi ina mipaka. Kwa tabaka za milimita 0.2, hatua moja ya M8 inapata tabaka sita, na jino linajengeka vya kutosha kushika bolti. M3 ina hatua ya 0.5, yaani tabaka mbili na nusu kwa jino zima. Hilo si jino, ni mkwaruzo. Kwa M5 kushuka chini sichori. Nachapa tundu dogo na kukata kwa tapu ya kweli, au naweka nati ya shaba ya kuzamisha kwa moto. Kwa M8 na zaidi nachora, lakini kwa tundu naongeza kipenyo kwa milimita 0.3 hivi, kisha nachapa kipande cha majaribio chenye mizunguko mitano tu kabla ya kuchapa kipuri kizima. Plastiki moja na nyingine hazisinyai sawa.

Mahali pengine ni nyuzi ambazo hazimo kwenye orodha yoyote: mfuniko wa chupa, skrubu ya jeki yenye meno ya mraba, nyuzi za kipuri cha zamani ambacho tapu yake haipatikani na mkerezaji atazikata kwa kisu alichokinoa mwenyewe. Hapo umbo la jino ndilo agizo lenyewe. Hata kwa mkerezaji, mimi huchora jino moja kubwa pembeni ya karatasi likiwa na vipimo vyake, na mwili mzima nauacha na alama tu. Anasoma jino lile moja. Mengine yote ni marudio yake.

Kati ya njia hizi mbili ipo amri ya Thread, iliyoingia SolidWorks 2016. Inakata meno ya kweli kwa kuchagua saizi kwenye orodha, bila kuhangaika na Helix/Spiral wala Swept Cut. Ukilazimika kuwa na meno, anza nayo badala ya kuchora kila kitu. Maumbo ya jino yanayokuja nayo uyakague na kuyarekebisha kabla ya kuyategemea kwenye uzalishaji, na uzito wa faili unabaki ule ule. Ukiitumia kwa ajili ya printa, itengenezee Configuration yake, yaani toleo jingine ndani ya faili ile ile: moja yenye Hole Wizard kwa mchoro wa karakana, nyingine yenye meno kwa STL. Modeli moja inahudumia pande zote mbili, na ile nzito unaifungua siku ya kuchapa tu.

## Kwa wasio na leseni ya SolidWorks

FreeCAD ni ya bure, na Part Design yake ina amri ya Hole inayofanya kazi kwa wazo lile lile. Unachora duara kwenye Sketch mahali pa kila tundu, unafungua Hole, unawasha Threaded, unachagua nyuzi za ISO za milimita na M8. Tofauti inayopendeza ni kitufe cha Model Thread kilichomo humo humo. Kikiwa kimezimwa una tundu laini lenye taarifa za nyuzi. Ukikiwasha, meno yanakatwa. Kizime muda wote unapofanya kazi, na ukiwashe mwishoni kama unakwenda kuchapa. Kwa bolti, ongeza benchi la Fasteners kupitia Addon Manager. Bolti zake nazo zina chaguo la kuonyesha nyuzi au kutozionyesha, na zinakuja zikiwa laini.

Kina cha 25, cha 20 na ncha ya milimita 2 utavikokotoa vile vile kama tulivyofanya kwa flenji, kwa sababu keekee na tapu hazijui modeli ilitoka kwenye programu gani.